Mguu wa Nyawira

Mimi sina sauti ndogo, Kiganjo yote inajua. Kwa hiyo Nyawira, mke wa mwanangu Githae, alipotolewa hospitali baada ya kujifungua kwa upasuaji, karatasi ya maagizo niliishika mimi. Niliibandika ukutani na kila asubuhi nikawa naisoma kama mwalimu: osha mshono kwa maji safi na sabuni, kausha bila kusugua, usipake kitu, angalia usaha, harufu mbaya, homa. Jirani mmoja alileta unga wa miti wa kupaka. Nilimrudisha mlangoni na kopo lake.

Na mshono ulipona, jamani. Siku ya tisa ulikuwa mkavu kabisa, nami nikajisifu hadi kanisani.

Karatasi ilikuwa na sehemu nyingine chini. Hiyo nilikuwa naipita, maana haikutaja kidonda. Kwangu mzazi ni wa kitanda, uji na supu, na Nyawira akijaribu kuinuka atembee, nilimrudisha alale.

Siku ya kumi mguu wake wa kushoto ulivimba chini ya goti, ukawa moto, na wa kulia hauna neno. Nikasema ni kulala vibaya. Nilipasha mafuta nikamkanda kwa nguvu, asubuhi na jioni, siku mbili. Alilia, nikamwambia avumilie.

Siku ya kumi na mbili, akinyonyesha saa nne asubuhi, alishindwa kuvuta pumzi. Alishika kifua na midomo ikabadilika rangi. Woi, nilimpokonya mtoto nikapiga kelele, Githae akakimbilia gari la jirani.

Hospitalini muuguzi, Musau, aliuliza kama kuna mguu uliovimba. Nikajibu haraka kwamba upo, lakini nimeukanda vizuri. Aliacha kuandika.

"Umeukanda?"

Akanieleza polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kikapanda hadi kwenye mapafu. Mguu mmoja ukivimba hivyo haukandwi, mama analetwa siku hiyohiyo. Kutembea kidogokidogo ndiko kunasaidia damu isigande. Yote yamo kwenye karatasi, akasema. Nilikaa sakafuni na nguo zangu za heshima.

Mchana waliniruhusu kumwona. Alikuwa na oksijeni puani, ameanzishiwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, na daktari alikuwa bado hajasema ametoka hatarini. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia ukweli, kwamba karatasi sikuwahi kuisoma hadi mwisho.

"Mimi niliisoma," akasema, akipumzika kila baada ya neno. "Yote. Siku ya kwanza."

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza mtoto wangu?

"Ulikuwa umepiga magoti unanikanda, mama. Ningekukatazaje?"