Neno "Huenda" Lisitolewe

Gesare Atuti alikuwa fundi wa misumeno ya injini, ile ambayo watu wa Kapkatet huiita pawasoo. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara inayoteremka kutoka hospitalini, na kuanzia asubuhi harufu ya petroli na vumbi la mbao ilimfuata hadi kanisani. Kabla ya kufungua kibanda chake alifanya kazi ya kuuza vipuri dukani kwa wakala wa misumeno mjini Kericho kwa miaka mingi, ndiyo maana wakata miti walimtumia picha za mashine kabla ya kununua.

Siku moja picha zilitoka kwa Kipkemboi, kijana wa Bureti aliyepata kazi ya kukata mikaratusi ya kuni kwa ajili ya kiwanda cha majani chai. Alitaka pawasoo ya kampuni ya Borvik iliyotumika kidogo. Muuzaji alikuwa Mzee Gibson wa Chepseon, mwenye duka kubwa la vifaa vya shamba.

"Mama Judy, niangalizie hii," Kipkemboi alisema kwa simu, akimwita kwa jina la mtoto wake kama wengi walivyozoea. "Niambie tu, ni orijino ama ni feki. Unajua yaliyompata Kiptanui."

Gesare alijua. Kiptanui alikuwa kaka yake Kipkemboi. Mwaka uliopita msumeno ulimrukia, breki haikushika, na mpaka leo anatembea akiburuta mguu.

"Nimesikia. Nipe muda niangalie."

Alivua glavu, akafuta mikono kwa kitambaa, akakaa kwenye gogo lililo mbele ya kibanda. Alizikuza picha moja baada ya nyingine. Rangi ya machungwa ilionekana imepauka, lakini hilo aliliacha, kwa sababu simu hubadilisha rangi inavyotaka. Mnyororo haukuwa na jina la kampuni. Hilo pia hakulipa uzito, maana mnyororo huisha na mtu hufunga wowote anaoupata sokoni. Kilichomsimamisha ni kifuniko cha kamba ya kuwashia. Kwenye Borvik alizozijua, jina huinuka kutoka kwenye plastiki yenyewe, ukipitisha kidole unalihisi. Hapa lilionekana kama karatasi iliyobandikwa, na upande mmoja ulikuwa umeanza kunyanyuka. Halafu kulikuwa na mahali pa namba ya mashine, chini ya mpini wa nyuma, ambapo kiwanda hugonga namba ndani ya chuma. Kwenye picha palikuwa laini kama sahani.

Alimwambia Kipkemboi aombe picha nyingine ya mahali hapo, iliyopigwa nje kwenye mwanga. Picha ikaja. Safari hii dole gumba la mtu lilikuwa limefunika pale pale.

Gesare alicheka peke yake, bila furaha. Dole gumba si ushahidi. Watu hushika vitu vibaya kila siku. Lakini sasa alikuwa na mambo mawili yenye uzito na swali moja lililokosa jibu, akaandika ujumbe wake polepole, akifuta na kuandika tena:

"Kwa hizi picha, naona dalili kwamba huenda hii mashine ni bandia. Jina kwenye kifuniko linaonekana limebandikwa, na mahali pa namba sioni namba. Lakini kifuniko kinaweza kuwa kimebadilishwa, na picha inaweza kuficha namba iliyochakaa. Sijaishika, kwa hivyo siwezi kusema kwa uhakika. Ningekuwa wewe singelipa mpaka nione namba kwa macho, ama wakala aikague. Nikiona namba nzuri, nitabadilisha maoni yangu."

Kipkemboi alijibu kwa neno moja tu la shukrani: "Kongoi."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Gesare alikuwa amefungua mezani injini iliyotoka kwa Mzee Gibson wakati gari lake lilipopanda nusu ukingoni mwa barabara na kusimama mbele ya kibanda. Gibson alishuka akiwa amevaa koti lake la ibada, akishika simu mbele kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Nyuma yake Kipkemboi alikuja kwa miguu, akiwa ameitwa naye. Wanawake waliokuwa wakiuza mboga ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama.

"Mama Judy," Gibson alisema, bila salamu. "Mimi nakuletea kazi. Mashine zote za wateja wangu zinatengenezwa hapa. Na wewe unaniita mwizi?"

"Chamgei, Mzee," Gesare alimsalimu kwanza. "Nimekuita mwizi wapi?"

Gibson akamgeuzia simu. Ilikuwa imefunguliwa kwenye kundi la mtandaoni la wakata miti, watu karibu wote wa Bureti na Kipkelion. Kipkemboi alikuwa ameandika: *Fundi wa Kapkatet amesema pawasoo ya Gibson ni feki. Msinunue kwake.*

Gesare alimtazama Kipkemboi. Kijana alitazama viatu vyake.

"Hiyo maneno ifutwe leo," Gibson alimwambia Gesare, "na unaandika kwamba ulikosea, kwamba mashine ni orijino. Usipofanya hivyo, wakili wangu atakuandikia. Na kazi yangu uisahau."

"Usikubali, Mama Judy!" Kipkemboi aliinua kichwa. "Sema ni feki. Mwambie hapa, watu wasikie. Unaogopa nini?"

Hawa wawili walisimama pande mbili za meza yake, kila mmoja akitaka kinywa chake kiseme kitu ambacho macho yake hayakuona. Tena akafikiria kodi ya kibanda, na mashine za Gibson zilizokuwa zimepangwa ukutani zikisubiri mkono wake. Akaweka bisibisi chini.

"Nyinyi wote mnyamaze kidogo," alisema. "Hii ni karakana yangu."

Alitoa simu kwenye aproni, akautafuta ujumbe wake, akausoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka ule mstari wa mwisho. Alisoma polepole kwa ajili ya wanawake wa mboga pia. Alipomaliza akamgeukia Kipkemboi.

"Neno 'huenda' umelipeleka wapi?"

"Mama Judy, ni kitu kimoja tu. Kila mtu anaelewa."

"Si kitu kimoja. Mimi nimesema nimeona dalili. Wewe umesema nimetoa hukumu. Mashine ikitokea ni nzuri, jina la huyu mzee umelichafua kwa mdomo wangu. Utaiandika tena, na utaweka ujumbe wangu wote, bila kukata."

Gibson alitabasamu, akiona upepo umegeuka upande wake. "Sasa umeongea kama mtu mzima. Basi andika kwamba ni orijino tumalize."

"Hapana."

"Umesema mwenyewe huna uhakika!"

"Sina. Na kwa sababu sina, siwezi kusema ni orijino. Nilichoona kwenye picha nimekiona, Mzee, sikifuti. Unataka nibadilishe? Nionyeshe namba."

"Kifuniko kilibadilishwa. Mwenye kuniuzia aliniambia."

"Inawezekana. Nimeandika hivyo. Namba je?"

Gibson alisogea karibu na meza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, lile ambalo Gesare alikuwa akilingoja tangu gari liliposimama. "Wewe si wa kabila letu, ulikuja hapa kutoka ng'ambo, ukapewa nafasi. Watu hapa wana kumbukumbu."

Mwanamke mmoja wa mboga alisema "Ai!" kwa mshtuko. Gesare hakuangalia upande wake.

"Baba yangu alichuma chai kwa hiki kilima kabla sijazaliwa," alisema. "Lakini hata ningekuwa nimefika jana, mahali pa namba pangekuwa laini vile vile. Lete mashine, Mzee. Kama huniamini, peleka kwa fundi mwingine, peleka Kericho kwa wakala. Nikiwa nimekosea nitasema hapa hapa, mbele ya hawa hawa, na kwa sauti hii hii."

Gibson alisimama akipumua. Halafu, kwa hasira ya mtu aliyechoka kuulizwa, akaenda nyuma ya gari, akarudi na pawasoo na kuitua mezani kwa kishindo. "Angalia basi. Shika."

Gesare alivaa glavu. Aliifuta sehemu ya chini ya mpini kwa kitambaa chenye petroli, akaimulika kwa tochi kutoka kando ili mikwaruzo yoyote itoe kivuli. Hakukuwa na namba, wala alama ya namba iliyosagwa. Akapitisha kidole kwenye jina la kifuniko, ukingo ukanyanyuka. Kisha, injini ikiwa imezimwa, akasukuma kinga ya mkono mbele mpaka ikalia, kama mtu anayefunga breki, akauvuta mnyororo. Ulipaswa kukataa. Uliteleza kwa urahisi kama shanga kwenye uzi.

Gesare alimwita Gibson avute mwenyewe, na Gibson akavuta. Mnyororo ukateleza tena.

"Mzee, sikiliza vizuri," Gesare alisema. "Breki haishiki. Hilo si huenda, umelivuta kwa mkono wako, na mashine hii haifai kuuzwa kwa mtu yeyote vile ilivyo. Lakini breki mbovu inaweza kuwa kwenye mashine halisi pia. Kuhusu kuwa bandia, sasa nimeona zaidi ya picha, na nashuku zaidi ya jana. Bado mwenye kusema neno la mwisho ni wakala. Labda na wewe uliuziwa bila kujua."

"Si useme tu!" Kipkemboi alisema, karibu kulia. "Umeona kila kitu! Kaka yangu angeuawa na takataka kama hii."

"Najua, Kipkemboi. Kwa hivyo usiinunue. Kwa hilo huhitaji mimi niape."

Kijana alifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akatoa simu yake, akafuta maneno yake kwenye kundi, akabandika ujumbe wa Gesare mzima, kisha akaongeza chini: *Breki haishiki, tumeijaribu leo.* Akamwonyesha Gibson kabla ya kutuma. Gibson hakumzuia. Alibeba pawasoo yake, na zile nyingine zilizokuwa ukutani akazipakia moja moja, hata ile ambayo Gesare alikuwa ameifungua, vipande vyake vikiwa ndani ya ndoo.

"Utafute wateja wengine," alisema akiwasha gari.

"Nitatafuta," Gesare alijibu. "Salimia nyumbani."

Kwenye kundi watu waligawanyika. Mmoja wa Kiptere alimwita Gesare mwoga asiyejua kusema ndiyo wala la. Mwingine alimwita mchonganishi. Gesare alijibu mara moja tu, kwa ujumbe wa sauti: "Nilichoona nimesema. Nisichokijua siwezi kukikopa kwa mtu yeyote. Mwenye mashine alete."

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Gesare alipunguza sukari kwenye chai, akaanza kunoa minyororo ya wakata miti wadogo waliokuja na misumeno yao mgongoni. Gibson hakurudi. Ilisikika kwamba alipeleka pawasoo ile Kericho, lakini alichoambiwa huko hakukitangaza, na Gesare hakumwuliza mtu. Kilichojulikana ni kwamba haikuonekana tena dukani Chepseon.

Jumapili moja walikutana mlangoni mwa kanisa. Gibson aligeuza uso. Gesare alimsalimu kwa jina, kwa sauti ya kusikika, akaingia akakaa kiti cha mbele.