Mashine Iliyokataa Kukamua

Mwezi mmoja baada ya kumzika mkewe, mlinzi alianza kufua nguo zake mwenyewe, na papo hapo mashine ikamgomea. Ilifua vizuri, ikasuuza vizuri, kisha ikanyamaza ikiwa imejaa maji na nguo zikielea ndani. Haikutoa maji wala haikukamua.

Binti yake alikuwa ameshasema lake. "Baba, hii imezeeka. Jumamosi naleta mpya, hii ichukuliwe na watu wa vyuma chakavu."

"Vyuma chakavu ni wewe," alijibu mlinzi. Mashine ile mkewe aliipangusa kila jioni utadhani ni mtoto wa mwisho. Ikitoka nyumbani, basi hata mkewe atakuwa ametoka kabisa. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi alimwita fundi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu. Alichomoa waya ukutani, akayachota maji kwa bakuli mpaka yakaisha, akazitoa nguo.

"Mzee, mashine hizi haziwezi kukamua maji yakiwa ndani. Mpaka yatoke kwanza. Sasa tutafute anayezuia."

Alianza na bomba la kutolea maji: halikupinda wala halikuziba. Pampu nayo ilikuwa safi. Akaja kwenye swichi ya kifuniko, ile inayoiambia mashine kwamba kifuniko kimefungwa, maana kikiwa wazi pipa la nguo halizunguki, lisije likamvunja mtu mkono. Akaipima kwa mita huku akiibonyeza na kuiachia. Nzima. Wakailaza mashine juu ya blanketi. Mkanda unaozungusha pipa ulikuwa umekaza, hauna ufa wala haukung'aa kwa kuteleza. Mota aliizungusha kwa mkono, akainusa, akapima waya zake.

"Mota haina hata harufu ya kuungua. Mzee, mgonjwa wako ananidanganya."

"Niambie tu kama atapona," mlinzi alisema, akageuza uso. Hakuwa na nia ya kulia mbele ya fundi.

Waliisimamisha, wakairudishia umeme na maji ndoo kadhaa. Fundi akachagua kukamua peke yake, akafunga kifuniko. Pampu ikaguna, maji yakatoka yote, kisha pipa likaanza kuzunguka, polepole, halafu kwa kasi ambayo mlinzi hakuwahi kuiona. Fundi aliizima, akakuna kichwa.

"Hebu iwashe wewe, kama unavyoiwasha siku zote."

Mlinzi alibonyeza kitufe cha kuwasha, kisha cha kuanza. Viwili tu, kama alivyokuwa akimwona mkewe. Fundi akainama kwenye vitaa, akacheka kidogo.

"Angalia. Kufua, kinawaka. Kusuuza, kinawaka. Kukamua, hakiwaki. Haijaharibika, imeamriwa. Ikimaliza kusuuza inasimama na maji yake, inangoja. Na inakumbuka mpangilio wa mwisho. Ningeanza hapa, nisingekusumbua. Nani aliiweka hivi?"

"Mama watoto."

"Alikuwa na sababu? Maana hapo ni kuzikamua nguo zote kwa mkono. Mashuka, mablanketi, kila kitu."

Mlinzi aliutazama ukuta ambao mashine iliegemea. Upande wa pili kilikuwa kitanda chake, na maisha yake yote ya kazi alilinda usiku akalala mchana. Wiki ile mashine ilipoletwa, alitoka chumbani na fulana, macho mekundu, akamfokea mkewe kwamba huo mngurumo utamuua. Hakuusikia tena. Alidhani amezoea, akajisifu kwa majirani kwamba yeye hata mzinga ukilipuka haamki. Na mkewe alipoanza kujifunga vitambaa kwenye vifundo vya mikono, yeye ndiye aliyemtania: mashine inafua, mikono inamuuma kwa lipi? Mkewe alicheka pamoja naye.

Wala hakuwahi kumwambia sababu.

"Kitufe chenyewe ni hiki," fundi alisema. "Nikiwashe, au nikiache hivyo?"

"Kiwashe," alisema mlinzi. "Zirudishe nguo."

Fundi alipokwenda, mashine ilikuwa bado inasuuza. Mlinzi aliingia chumbani akajilaza upande wake wa kitanda, uso ukiutazama ukuta. Maji yakatoka. Kisha mngurumo ukaanza, kitanda kikatetemeka kidogo, na yeye akalia kwa sauti, mtu mzima, bila kujali nani atamsikia.

Ulikuwa mngurumo mfupi tu. Ulikwisha hata kabla hajamaliza kufuta machozi. Angeweza kabisa kuuvumilia.