Mlango Uliofungwa Mchana

Redio ilipotangaza kwamba mwalimu ameshinda umeya, mume wangu aliizima. Kampuni yake ya kura za maoni ilikuwa imempa mpinzani wake, daktari, asilimia hamsini na nne. Daktari alipata arobaini na saba.

"Tulihoji watu elfu moja na mia mbili, nyumba zao zimechaguliwa kwa bahati nasibu," alisema. "Kiwango cha makosa ni asilimia tatu tu, juu au chini."

"Na mlipokuta mlango umefungwa?"

"Tulihamia kwa jirani."

"Mchana?"

Alijua vizuri kuliko mimi kwamba ile asilimia tatu hupima bahati ya kuchagua watu, haimpimi mtu asiyekutwa nyumbani. Watu wa zamu walikuwa kazini, na majirani wastaafu wakajibu badala yao. Hata wangehoji elfu kumi, kosa lingebaki palepale.

"Tulipaswa kurudi jioni," alisema taratibu. "Kila mlango."

Nilikuwa bado na sare ya kiwandani. Nilitaka kumfokea, nikashindwa.

"Na wewe," akauliza, "ulimpigia kura nani?"

"Mwalimu. Kampeni nzima nilikuwa nangoja uniulize."