Lori la Bati

Siku mume wangu alipofariki, mteja alikuwa amesimama mlangoni pa duka akisubiri chenji. Mume wangu alikuwa amevuka barabara kwenda kuvunja noti kwa muuza vocha. Akaomba kiti akae kidogo, hakuinuka tena. Tulipokwisha kumpandisha kwenye gari, yule mteja alinifuata akaniuliza, kwa upole, habari ya chenji yake. Nilimpa. Alikuwa amenunua pasi ya mkaa.

Duka letu lilikuwa la vitu vya zamani. Chumba kimoja kirefu, harufu ya vumbi na mafuta ya taa, vitu mpaka darini. Kwenye rafu nyuma ya kaunta palikuwa na kitu kimoja kisichouzwa: lori la bati la kuchezea, jekundu, picha ya dereva imechapwa dirishani, na boksi lake la karatasi ngumu pembeni. Kila mwaka, siku tuliyooana, mume wangu alitandika kitambaa mezani, akalijaza ufunguo mara chache tu, akalituma kwangu likiwa limebeba peremende. Siku nyingine zote hakuna aliyeligusa, hata mimi kwa kitambaa cha vumbi. Hatukujaliwa mtoto. Watu walidhani ndiyo sababu ya lori, nasi hatukuwasahihisha.

Matanga yalipokwisha, shemeji, kaka yake mkubwa, alikuja na kufuli jipya.

"Shemeji, usinielewe vibaya," alisema. "Mtaji wa hapa ulikuwa wangu, na marehemu alijua. Vitu vinauzwa. Wewe ufunguo utabaki nao, ufagie mpaka viishe."

Alivipanga vitu ukutani kwa umri, kama mwalimu anavyopanga watoto kwa kimo, cha zamani zaidi mbele. Mbele kabisa aliliweka kasha la mbao la babu wa babu yao. Alikuwa akilipigapiga mgongo kama ng'ombe wa maonyesho.

"Naomba kitu kimoja tu," nilimwambia. "Lile lori."

Akacheka. "La kuchezea? Chukua, mama. Ukichoka kulia utacheza."

Niliridhika. Ningeliondoa saa ileile, lakini mikono yangu ilikuwa na maji ya deki, nikasema nikimaliza nitalichukua. Kabla sijamaliza, Miwani aliingia.

Miwani ni mfanyabiashara wa vitu kama vyetu, ana duka kubwa karibu na hoteli, na jina alipewa kwa ile lenzi anayoivaa shingoni kwa kamba. Shemeji alikuwa amemwita aje kutaja bei. Alianzia kwenye kasha. Akapiga magoti, akapapasa chini, akanusa droo.

"Miaka mia imepita, nakubali. La kale kwelikweli," alisema. "Lakini miguu ni ya juzi, kufuli si lake, na kuna fundi aliyeuranda mfuniko akadhani anausaidia. Halafu ni kubwa. Nani ana chumba cha kuliweka siku hizi?" Akataja bei.

Shemeji alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Hilo ni la babu wa babu yangu."

"Babu wa babu yako hanunui, mzee."

Akaendelea. Redio ya mbao aliipenda kidogo: haijafika umri wa kuitwa ya kale, alisema, lakini ni ya enzi inayojulikana kwa sura yake, na wenye hoteli wanaitaka sura hiyo hata kama haisemi. Feni ya mezani aliisukuma kwa kidole. "Hii imetumika, basi. Inauzwa kwa upepo wake. Ikigoma, ni chuma."

Kisha akainua macho kwenye rafu. Nilikuwa nimeshika dekio. Nilimwona akiinua lenzi jichoni.

"Lile?"

"La mjane," alisema shemeji. "Achana nalo."

"Ngoja, ngoja." Alilishusha kwa mikono miwili. Alilitazama tumboni, magurudumu, ukingo wa bati. Akaufungua mfuniko wa boksi taratibu sana. "Na boksi lake. Na ufunguo wake. Wino haujachubuka popote." Akacheka peke yake. "Hili lina umri kama wangu. Lakini wapo watu, mzee, wanakusanya haya tu, wanajuana, wanapigiana simu. Yaliyochezewa yamejaa. Lililokaa hivi ni la kutafuta. Nipe siku mbili nimpigie mmoja."

Akataja makadirio. Yalizidi kasha mara sita.

Nilisema, "Shemeji, ulishanipa."

"Nilikupa la kuchezea," alijibu, bila kunitazama. "Hili siyo la kuchezea. Hujamsikia mwenyewe?"

"Ndugu yako alikuwa ananiletea peremende kwa hilo."

"Nitakununulia pakiti nzima."

Miwani aliangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameulizwa bei, akaitaja.

Kesho yake asubuhi nilifungua duka kufagia. Miaka yote nimemsikiliza mume wangu akibishana na wateja: usisugue, usipake, using'arishe, utakiua. Basi nilijua jinsi ya kuliua lori. Nilichukua waya wa kusugulia sufuria nikamsugua dereva dirishani mpaka hakuwepo. Nikalipaka rangi ya mafuta ya buluu, ile iliyobaki tulipopaka mlango, mikono miwili ya rangi. Boksi nililitia motoni, chini ya sufuria ya uji. Sikulia. Nilifikiri: sasa hakuna atakayelitaka ila mimi.

Miwani alikuja siku iliyofuata, na safari hii hakuhitaji lenzi.

"Nani kafanya hivi?"

Shemeji alilishika, rangi ikamganda kidoleni. "Si inatoka? Si kuna tina ya kuondolea rangi?"

"Tina itaondoka na picha iliyobaki. Ile haikupakwa kwa brashi, ilichapwa juu ya bati. Na boksi liko wapi?" Alinitazama, akaelewa, akakirudisha mfukoni kitabu cha simu alichokuja nacho mkononi. "Mimi sina kazi nalo tena."

"Lakini ni lilelile," shemeji alisema. "Umri wake ni uleule wa juzi."

"Uleule. Hata siku mbili limeongeza. Nani anaununua umri?" Akaenda akailipia redio, akaondoka nayo kwapani.

Tulibaki wawili. Shemeji alijifuta kidole kwenye ukuta.

"Ulidhani likiwa bovu litabaki kwako," alisema.

"Ndiyo. Halina bei tena. Nipe."

"Lingekuwa na bei ningeliuza, ungepata hata sanda nzuri siku yako. Halina bei, nalitoa bure. Na bure natoa kwa nimtakaye."

Nilimshika mkono wa shati. Nilimwambia nitafanya kazi yoyote anayotaka, hata kwake nyumbani, kwa mkewe. Aliutoa mkono wangu polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa miiba, akalitia lori kwenye mfuko wa plastiki.

Kasha halijanunuliwa mpaka leo. Duka amelipangisha kwa muuza magodoro, na mimi nimepewa chumba cha nyuma uani kwake, kwa sababu kazi niliyoiomba alinipa. Nafua, nafagia, nachota maji. Lori analo bintiye mdogo. Hulifunga kamba, hulijaza mchanga, huliburuta kutoka bombani hadi langoni. Gurudumu moja limeanguka, na mchanga umeingia ndani, ufunguo haugeuki.

Jioni akishaingia kulala, mimi ndiye ninayeokota vitu vya kuchezea uani na kuvirudisha kwenye ndoo yake.