Bingwa na Mafaili ya Mshona Magauni

Mshona magauni alikuwa amevunja mkataba na fundi wa tovuti yake kwa barua, na siku thelathini za notisi ziliisha jana. Alichodai ni domeni, yaani anwani ya duka lake mtandaoni, pamoja na mafaili ya tovuti yenye picha za kazi zake za miaka tisa.

Fundi huyo, aliyejiita Bingwa, alikaa kiti cha wateja, amekunja nne.

"Mama, domeni si gauni, ulikunje utie mfukoni. Kuihamisha ni mwezi mzima, tena kwa wataalamu."

"Basi wasajili wa domeni hawajaambiwa, mwanangu."

Akamgeuzia simu. Domeni ilikuwa kwa jina la mama mwenyewe, kwa hiyo wasajili walihakiki kitambulisho, wakaifungua, na asubuhi hiyo wakamtumia msimbo wa kuihamisha.

Bingwa akashusha mguu.

"Yamebaki mafaili," mama akasema, akimsogezea flashi juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Nakili yote, na hifadhidata yake."

Bingwa alifungua kompyuta yake akanakili, jasho likimtoka kama aliyejitwika tovuti kichwani. Alipomaliza akaomba jina lake liachwe chini ya ukurasa, kwa heshima ya kazi.

"Kazi ipi, mwanangu? Ile ya kuniambia haiwezekani?"