Gunia la Uzi Mwekundu

Mwaka ule Koboko nzima, mji wetu wa mpakani, iliingia kwenye biashara ya maharage. Ilisemekana Juba itanunua chochote, bei ikapanda, na kwa kuwa ilipanda, kila mtu akanunua, ikapanda tena. Kampuni moja ya mikopo kule Arua ilitukopesha kwa dhamana ya magunia yetu. Bei ikipanda, magunia yaleyale yanakubaliwa kwa mkopo mkubwa zaidi, nasi tunanunua mengine. Mimi, Viola, sikutaka kubaki nyuma. Niliweka dhamana hata nyumba ya mama. Mama alitia dole gumba kwenye karatasi bila kuniuliza kitu.

Hapa kwetu kila mfanyabiashara hushona mdomo wa gunia kwa uzi wa rangi yake. Wangu ni mwekundu. Asubuhi moja nilikuwa napanga magunia niliyonunua kwa Swaibu, mume wa dada yangu, nikaona uzi wangu mwenyewe. Gunia lile nilimuuzia Acidri, mfanyabiashara mwenzangu, kabla ya Pasaka. Acidri alimuuzia Igga, Igga akamuuzia Swaibu, na mimi nimelinunua tena kwa bei karibu maradufu. Uzi haukuguswa.

Nikamfuata Swaibu. "Shemeji, hii maharage nani iko nakula?"

"Watu ya Juba."

"Wewe iliona gunia hata moja navuka mpaka?"

"Shemeji, bei iko napanda. Wewe naogopa nini?"

Nilihofia kuipoteza nyumba ya mama, basi. Nikazunguka shule za bweni huko Lurujo na Dranya, ambako watoto wanakula kweli, nikauza kwa bei ya chini kuliko ya soko. Soko zima lilinicheka. Nililipa deni lote, nikarudishiwa karatasi ya nyumba, na gunia moja tu likabaki, lile la uzi wangu.

Halafu siku ya Igga kulipa mkopo wake ikafika. Akatafuta mnunuzi, stoo za watu zilikuwa zimejaa. Akauza kwa bei ya kutupa. Kampuni ikaiona bei hiyo, ikapiga hesabu, ikasema magunia ya wengine nayo hayatoshi tena kuwa dhamana ya mikopo yao, waongeze pesa. Pesa hawakuwa nazo, walikuwa na maharage. Wote wakamwaga sokoni kwa pamoja, bei ikaporomoka, kampuni ikadai zaidi, na waliokuwa hawadaiwi nao wakauza kwa hofu. Waliokuwa wakinicheka sasa waliwakimbiza wanunuzi barabarani.

Swaibu alipoteza lori na nyumba. Walikuja jioni kwa mama, yeye, dada yangu na watoto, na magodoro yao. Moyo wangu ulitua kwa kuwa kulikuwa na mlango wa kuwafungulia.

Mama alichukua kisu, akakata uzi mwekundu, akainjika sufuria. Swaibu alikula akamaliza, kisha akasukuma sahani mbele.

"Mama, ongeza kidogo," alisema.