Foleni ya Barafu

Bi Somoe, muuza samaki wa Mbagala Rangi Tatu, alikuwa na kitendawili kimoja alichompokea nacho Didas kila asubuhi. Gari likisimama tu, hata injini haijazimwa, yeye na ndoo yake kiunoni:

"Kitendawili."

"Tega, Bi Somoe."

"Nimemtuma kwetu mzima, kafika nusu, na njiani hakuna aliyemla."

"Barafu," Didas alijibu, akifungua turubai.

"Si barafu. Barafu yako hii. Nipe mji."

Didas hakutaka kutoa mji. Alitaka kushusha mapande yake na kurudi yadi kabla jua halijamalizia yaliyobaki. Yadi ya barafu ilikuwa Tandika, na kutoka Tandika mpaka Rangi Tatu ni kilometa kumi, mtu asiye na haraka anazimaliza hata kwa mguu. Lakini Barabara ya Kilwa ina mambo yake. Kenta ya Didas, lori dogo la mzigo, ilitoka getini saa kumi na mbili asubuhi, ikafika kwa Bi Somoe saa nne, ikarudi yadi saa saba mchana. Kilometa ishirini, saa saba. Pembeni yake barabara ya mabasi ya mwendokasi nyeupe, tupu, imenyooka kama rula, na ole wake dereva wa barafu atakayeikanyaga.

Mwenye yadi, Mzee Suhaib, alilipa madereva kwa kilometa. Shilingi mia sita kwa kila kilometa iliyosomeka kwenye dashibodi. Aliona ndiyo haki. "Gari kazi yake kutembea," alisema. "Likisimama halifanyi kazi, na mie silipi kilichosimama."

Basi Didas alipata elfu kumi na mbili kwa saa saba za kukunja goti. Mwenzake Brightson alipeleka barafu Kimbiji. Anavuka daraja la Kigamboni, anashika lami iliyo wazi, anakwenda na kurudi kilometa tisini kwa saa tatu, na saa tatu asubuhi yuko yadi na elfu hamsini na nne, anakunywa chai ya rangi na kumuuliza kila mtu Didas yuko wapi.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika lilikuwa ubao.

Ubao ulitundikwa ofisini, chini ya saa ya ukutani. Karani Felicitas aliandika kilometa za kila dereva, na kila Jumamosi mchana zikasomwa. Atakayekuwa wa mwisho Jumamosi tatu mfululizo ni mvivu, anaacha funguo. Ndiyo sheria. Na madereva walikuwa wawili tu, kwa hiyo wa mwisho hakukosekana. Didas alishakuwa wa mwisho mara mbili.

Jumatatu ya wiki ya tatu akaingia ofisini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona hujaondoka? Kilometa zinakungoja."

"Ndilo nililojia. Natoka hapa wa kwanza, narudi wa mwisho, halafu ubao unaniita mvivu. Barabara ikijaa, unanikata mie, si barabara. Nilipe kwa saa, mzee. Saa inatembea hata gari likisimama."

Mzee Suhaib akaitazama saa ya ukutani kama ndiyo kwanza aione. "Felicitas, hilo lina akili?"

"Lina akili nusu," alisema Felicitas, hakuinua kichwa.

"Nusu inatosha. Elfu nne kwa saa. Na ubao tuuandike kwa saa."

Jioni ile ubao ukasema hivi: Didas saa saba, elfu ishirini na nane. Brightson saa tatu, elfu kumi na mbili. Brightson aliusoma mara tatu, akaenda kuusomea kwa nje kupitia dirishani, labda ungebadilika.

"Yaani braza, mie niliyewahi ndiye mvivu?"

"Ndivyo ubao unavyosema," alijibu Didas, na usiku huo alilala vizuri kuliko wiki zote zilizopita.

Alilala vizuri siku moja tu. Jumanne, alipofika Mtoni Mtongani, mbele yake aliona Kenta anayoijua. Ilikuwa ya Brightson, imejaa barafu, imetulia katikati ya foleni kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Didas akashuka, akaenda dirishani. Muda upo, magari hayaendi popote.

"Wewe si wa Kimbiji? Daraja limevunjika?"

"Daraja zima. Ila lina haraka sana lile," alisema Brightson. "Nimeona nipitie Mbagala, nitokee Kongowe. Nako kunafika."

"Kunafika kesho."

"Kesho nayo ina saa zake."

Na hapo ndipo ustaarabu ulipoingia Barabara ya Kilwa. Brightson alimpisha kila mtu. Bajaji ikitaka kuchomeka, "Pita, sista." Lori la mchanga likitoka uchochoroni, "Karibu, braza, usione haya." Alipisha mkokoteni wa madafu, akapisha mbuzi saba, akapisha gari la matarumbeta ya harusi pamoja na harusi yenyewe, kisha akasubiri kuona kama kuna shangazi aliyechelewa. Didas, aliyekuwa nyuma yake, akaona saa zinakusanywa mbele ya macho yake. Za kwake zikiwa saba na za Brightson zikiwa tisa, funguo zinakwenda. Basi naye akaanza kupisha. Gari likitaka kuingia kati yao, wote wawili wanasimama kulipisha, huyu anasema pita kwangu, yule anasema hapana, kwangu ni karibu.

Afande Sekela, askari wa barabarani pale Mtongani, alikuwa na miaka kumi kazini na hakuwahi kuliona hilo. Akamsimamisha Brightson.

"Leseni. Unaumwa?"

"Siumwi, afande."

"Nimekuhesabu. Umepisha magari arobaini na moja. Katika mji huu hakuna mtu mzima afanyaye hivyo. Puliza hapa."

Brightson akapuliza kipima ulevi. Sifuri.

"Puliza tena."

"Hata mara kumi, afande. Tusikimbizane."

Afande Sekela akarudi hatua moja nyuma.

Kufikia Alhamisi maji ya barafu yalikuwa yakitiririka chini ya magari yale mawili kama mabomba mabovu, na kina mama wa mtaa wa Zakhiem wakija na ndoo, wakikinga, wakisema shukrani. Didas alifika Rangi Tatu saa nane mchana. Bi Somoe alichungulia ndani ya turubai. Hakutega kitu. Hilo lilimchoma Didas kuliko tusi.

Ijumaa Bi Somoe akapanda bajaji mpaka Tandika. Aliingia ofisini na ndoo, akaiweka juu ya meza ya Mzee Suhaib. Ndani mlikuwa na maji, na ndani ya maji samaki mmoja, changu, mwenye macho yaliyokata tamaa.

"Nimekurudishia barafu yako," alisema. "Na huyu ndiye shahidi."

"Pole, mama. Foleni hiyo."

"Foleni naijua, naishi nayo. Zamani ilinifikishia nusu. Nimesikia sasa mnalipana kwa saa. Vizuri. Mie nimesubiri saa nane jana. Elfu nne mara nane ni ngapi, karani?"

"Thelathini na mbili elfu," alisema Felicitas.

"Basi nalipwa na nani?"

Mzee Suhaib alitazama kilometa, akatazama saa, akamtazama changu. Kisha uso ukamfunguka. "Hakuna kilometa tena, hakuna saa. Nalipa kwa barafu. Kila dereva anapewa mapande arobaini. Kesho saa saba tunahesabu yasiyoyeyuka, na ya kesho peke yake ndiyo yataamua ubao."

Didas hakulala. Barabara ile ile iliyomla kilometa sasa itamla barafu, na yeye ndiye mwenye barabara hiyo. Alfajiri akaenda kwa seremala wa Tandika akaomba magunia matano ya maranda, akayafukia mapande humo kama mihogo. Juu yake akatandika godoro la mkewe, na juu ya godoro turubai. Hakumpisha mtu. Hata harusi hakuipisha. Saa tatu na robo alikuwa Rangi Tatu, na Bi Somoe akayahesabu kwa kidole: mapande thelathini na mawili, akaandika karatasi na kuidondoshea magamba badala ya muhuri. Na yeye akasema ataandamana na gari mpaka yadi, ahakikishe.

Walipoingia yadi, Kenta ya Brightson ilikuwa kivulini, mlango wazi, mwenyewe ameegemea usukani anachambua chungwa. Nyuma yake, ndani ya chumba cha baridi, mapande yote arobaini, hayajapata hata jasho, maana hakuyapakia kabisa.

"Arobaini kwa arobaini," Brightson alisema. "Hakuna lililoyeyuka."

Felicitas, kwa kuwa sheria ni sheria, akaandika ubaoni: Brightson arobaini. Didas thelathini na mbili. Wa mwisho, Didas, Jumamosi ya tatu.

Mzee Suhaib akanyoosha kiganja. Didas akatoa funguo mfukoni. Zilikuwa na maranda.

"Ngoja," alisema Bi Somoe. "Mzee Suhaib, kitendawili."

Mzee alikuwa na kiganja hewani, hakujua akipeleke wapi. "Tega."

"Nina dereva hodari. Mzigo wake haupungui, gari lake halichakai, foleni haimjui. Na mie sijapata hata pande moja la kulazia samaki."

Mzee akafikiri. Alifikiri kwa dhati, midomo ikimchezacheza. Akautazama ubao. Akamtazama Brightson na chungwa lake. Kisha kiganja kikashuka taratibu.

"Nakupa mji," alisema.

"Mji hapana. Mpe karani chaki."

Felicitas akafuta ubao. "Mie nilisema nusu," alisema, "mkaondoka na nusu." Akachora safu mbili. Kila safari ihesabiwe kwa kilometa, kisha ihesabiwe kwa saa, na dereva achukue iliyo kubwa. Kimbiji ni hamsini na nne elfu kwa kilometa, kumi na mbili kwa saa: Brightson akimbie, kuzubaa hakumlipi. Mbagala ni kumi na mbili kwa kilometa, ishirini na nane kwa saa: foleni isimle Didas.

"Naye akijizubaisha makusudi?" aliuliza Mzee.

"Saa zake nitazipima mie," alisema Bi Somoe. "Foleni ya kweli naijua, wateja wangu wanakuja nayo. Akichelewa peke yake, atanieleza huku nimemshikia changu puani. Ila sina saa."

Ndivyo saa ya ukutani ilivyohamia Rangi Tatu, ikatundikwa juu ya meza ya samaki, na ofisini Tandika mpaka leo hakuna ajuaye ni saa ngapi; wakitaka kula wanampigia Bi Somoe. Ubao umebaki, safu mbili, bila wa mwisho. Funguo ziko mfukoni mwa Didas. Godoro halijakauka, na mkewe ana lake la kusema kuhusu hilo. Brightson anakwenda Kimbiji kwa kasi, ila akifika darajani mkono bado unamtoka dirishani wenyewe, "Pita, sista," na Afande Sekela, aliyehamishiwa huko, akiona hivyo hukitoa kipima ulevi.

Na asubuhi, gari likisimama Rangi Tatu:

"Kitendawili," anasema Bi Somoe, akiinua macho kwenye saa.

"Tega," anasema Didas, na hafungui turubai mpaka Bi Somoe amalize kutega.